Jibu Lako Linamfikia Nani? Somo Kuhusu Anwani ya Kujibiwa

Mtumiaji anapobonyeza kitufe cha kujibu barua pepe, huamini kwamba jibu lake litarudi kule ilikotoka barua. Aghalabu ndivyo inavyokuwa. Lakini si lazima iwe hivyo, na katika mambo ya malipo tofauti hiyo ndogo imewafanya watu wengi wapoteze fedha zao huku wakiamini kwamba walichukua tahadhari zote. Katika somo hili tunaeleza ni kwa nini jibu huweza kumfikia mtu asiyekuwa yule anayeonekana juu ya barua, jinsi ya kumtambua kabla jibu halijatumwa, na mahali ambapo utambuzi huo hautoshi.

Tuanze na jambo ambalo kila msomaji analifahamu. Tangazo la nafasi ya kazi hutiwa saini na Mkurugenzi, lakini chini yake huandikwa kwamba maombi yote yatumwe kwa Katibu, pamoja na sanduku la posta la Katibu. Hakuna anayeshangaa. Barua imetoka kwa mmoja, majibu yanakwenda kwa mwingine, na msomaji ameyaona maelekezo hayo kwa macho yake kabla ya kubandika stempu.

Barua pepe nayo ina maelekezo ya namna hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba hayaandikwi ndani ya barua pale unaposoma. Yamo katika sehemu ya juu inayoitwa kichwa cha barua, ambayo simu na kompyuta huonyesha kipande chake tu, na programu yako huyasoma na kuyatii pasipo kukuuliza.

Maelekezo yaliyomo katika kichwa cha barua

Kila barua pepe ina mstari unaoitwa `From`. Huo ndio unaotaja mtumaji, na ndio unaouona unapofungua barua. Mtumaji anaweza pia kuongeza mstari mwingine uitwao `Reply-To`, yaani anwani ya kujibiwa. Kanuni yake ni fupi: mstari huo usipokuwapo, jibu huenda kwa anwani iliyo katika `From`, ukiwapo, jibu huenda kwa anwani iliyo katika `Reply-To`, na ile ya `From` huachwa. Utaratibu huu ni wa zamani. Umo katika hati ya kiufundi ya mwaka 1982 iliyoweka muundo wa barua pepe, ijulikanayo kama RFC 822, na umehifadhiwa katika hati ya baadaye, RFC 5322 ya mwaka 2008. Kwa hiyo si kasoro ya simu yako, wala si dalili kwamba simu imeingiliwa.

Yafaa kuzingatia mambo mawili kuhusu mstari huu. La kwanza ni kwamba huandikwa na mtumaji mwenyewe, naye anaweza kuandika anwani yoyote apendayo. Hakuna anayemwomba athibitishe kuwa ni yake. La pili ni kwamba kwa mujibu wa hati hizo ni pendekezo tu la mtumaji. Mjibu ana uhuru wa kuifuta anwani aliyowekewa na kuandika nyingine kabla ya kutuma, na uhuru huo ndio tutakaoutumia baadaye.

Mstari huu una kazi nyingi za halali, nasi hatutaki msomaji atoke hapa akimwona kila mwenye kuutumia kuwa ni tapeli. Chukua duka lenye tovuti ambayo mteja anaweza kujaza fomu ya maswali. Mteja akishabonyeza kitufe cha kutuma, ni kompyuta ya tovuti inayoandika barua kwenda kwa mwenye duka, si mteja. Kompyuta hiyo hairuhusiwi kutuma barua kwa kutumia anwani ya mteja, na ikijaribu, barua huenda ikakataliwa. Kwa sababu hiyo huweka anwani yake yenyewe katika `From` na anwani ya mteja katika `Reply-To`. Mwenye duka akibonyeza kujibu, jibu linamfikia mteja moja kwa moja. Vivyo hivyo programu za kutengeneza ankara hutuma ankara za wafanyabiashara wengi kutoka katika anwani moja ya programu, na kila mfanyabiashara hujibiwa katika anwani yake. Bila mstari huu, majibu yote hayo yangepotelea katika kikasha ambacho hakina mtu wa kukifungua.

Mfano wa vigae

Sasa tuuangalie upande mwingine kwa mfano tuliouunda kwa ajili ya somo hili. Anwani zote tunazotumia zinaishia na neno `.example`, ambalo limetengwa kwa ajili ya mifano, hivyo si za mtu yeyote.

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni mjini Morogoro ameagiza vigae kutoka duka moja la Dar es Salaam. Amekwisha kulipa nusu ya bei, na amebakiza Sh 4,200,000. Mawasiliano yote yamefanyika kwa barua pepe, na duka limekuwa likimwandikia kutoka anwani ileile tangu mwanzo. Siku ya Jumatano anapokea barua nyingine kutoka anwani hiyohiyo. Inataja vigae vyake, rangi aliyoichagua na kiasi anachodaiwa. Kisha inaeleza kwamba akaunti ya benki ya duka iko katika ukaguzi wa hesabu, hivyo alipe katika akaunti nyingine, ambayo namba yake imeandikwa hapo chini.

Mama huyu si mtu wa kudanganyika kirahisi. Anaona jambo hili si la kawaida, anaiangalia anwani ya mtumaji herufi kwa herufi, anaiona ni ileile ya siku zote. Hata hivyo anaamua kuuliza. Anabonyeza kujibu na kuandika: “Samahani, ni kweli mmebadilisha akaunti?” Baada ya dakika ishirini jibu linarudi: “Ndiyo, mama. Tunashukuru kwa kuuliza, maana siku hizi ni lazima kuwa mwangalifu.” Limeambatishwa na barua yenye nembo na muhuri wa duka. Analipa siku ileile. Ijumaa anapiga simu kuulizia gari la mzigo, na mhasibu wa duka anamjibu kwamba wao bado wanasubiri fedha zake. Swali lake la Jumatano hawajaliona kamwe.

Tukikifungua kichwa cha barua ile ya Jumatano, tunakuta hivi:

```
From: Vigae Bora <mauzo@vigaebora.example>
Reply-To: Vigae Bora <mauzo@vigaebora-malipo.example>
Subject: Malipo ya vigae
```

Mstari wa kwanza ni wa kweli kabisa. Tapeli alikuwa ameipata nywila ya kikasha cha duka, akaingia, akasoma mawasiliano, akajua kiasi kilichobaki, na akatuma barua kutoka ndani ya kikasha chenyewe. Ndiyo maana uangalifu wa mama haukumwonyesha kosa lolote, kwani katika anwani aliyoichunguza kosa halikuwapo. Kosa lilikuwa katika mstari wa pili, ambao simu haikumwonyesha.

Msomaji ataweza kuuliza: ikiwa tapeli amekwisha kuingia katika kikasha cha duka, kwa nini asisubiri jibu humo humo? Jibu ni kwamba humo hayuko peke yake. Swali la mama lingeingia katika kikasha ambacho mhasibu hukifungua kila asubuhi, naye angeshangaa kuulizwa habari ya akaunti asiyoijua. Tapeli anahitaji kuyahamisha mazungumzo kutoka dukani bila mama kujua kwamba yamehama. Kwa mstari mmoja tu wa `Reply-To` anafanikiwa. Tangu hapo, majibu yote hutoka katika anwani yake bandia, na hata duka likigundua na kubadilisha nywila siku inayofuata, mazungumzo yake na mama yataendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wapo pia matapeli wasioingia katika kikasha cha mtu. Hawa huiandika tu anwani ya mwingine katika `From`, kama mtu anavyoweza kuandika jina la jirani yake nyuma ya bahasha. Wenye anwani wanaweza kujikinga na hila hiyo kwa mipangilio ijulikanayo kama SPF, DKIM na DMARC, na barua nyingi za kughushi huzuiliwa hapo. Lakini tapeli wa namna hii ana shida kubwa zaidi: anaweza kutuma kwa jina la mwingine, ila hawezi kupokea kwa jina hilo, kwa sababu jibu litakwenda kwa mwenye anwani wa kweli. Naye pia, ili utapeli wake ukamilike, hulazimika kukupa anwani nyingine ya kujibu. Ukaguzi wa DMARC hulinganisha jina lililo katika `From` peke yake, hauigusi `Reply-To`. Barua ya mfano wetu ingefaulu ukaguzi huo bila tatizo lolote.

Jinsi ya kuangalia kabla ya kutuma

Njia iliyo rahisi kuliko zote haihitaji ujuzi wa kusoma vichwa vya barua. Bonyeza kujibu, kisha usiandike kitu kwanza. Angalia mstari wa anayepelekewa, ulioandikwa `To`. Hapo ndipo programu yako imekwisha kuiweka anwani itakayopokea maneno yako, iwe ni ya `From` au ya `Reply-To`. Kubonyeza kujibu peke yake hakumjulishi mtumaji lolote. Mpaka utume, hiyo ni rasimu yako tu.

Tahadhari moja inahitajika hapa, hasa kwa watumiaji wa simu janja. Mstari huo mara nyingi huonyesha jina badala ya anwani, na jina nalo huandikwa na mtumaji. Katika mfano wetu simu ingeonyesha “Vigae Bora” juu ya barua na “Vigae Bora” tena katika mstari wa jibu. Gusa jina hilo mpaka anwani kamili itokee, yenye alama ya @ katikati. Hiyo ndiyo ya kulinganisha na anwani unayoijua kutoka katika barua za zamani au risiti.

Unapolinganisha, soma kile kilicho baada ya @, tena kwa kuanzia mwisho na kurudi nyuma. Watu wengi hudhani kwamba `vigaebora-malipo.example` ni idara ya malipo ya `vigaebora.example`. Sivyo. Kistari hakimfanyi mmoja kuwa sehemu ya mwingine. Hayo ni majina mawili yaliyo mbali kama mtaa wako na mtaa wa mji mwingine, na lile la pili linaweza kusajiliwa na yeyote mwenye kulipa ada yake. Kilicho chini ya duka lenyewe kingetanguliwa na nukta, kwa mfano `malipo.vigaebora.example`, kwa kuwa kinachotangulia nukta hutolewa na mwenye jina linaloifuata.

Anwani mbili zikitofautiana, tofauti hiyo peke yake haithibitishi utapeli. Tumekwisha kuona fomu za tovuti na programu za ankara. Swali la kujiuliza ni je, anwani ya kujibiwa ni ya yule ambaye ungetarajia azungumze nawe? Ankara iliyotumwa na programu, inayojibiwa katika anwani ya fundi wako unayemjua, haina tatizo. Barua ya kampuni au ofisi inayojibiwa katika anwani ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua, au katika jina linalofanana na la kampuni lakini si lenyewe, ni ya kusimamishwa papo hapo. Ikiwa barua hiyo inataja pia akaunti mpya ya benki, sisi hatuoni sababu ya kuendelea kuijibu hata kwa neno moja.

Katika kompyuta unaweza kuona zaidi. Kwa wanaotumia Gmail, kuna mshale mdogo kando ya jina la mpokeaji, chini ya jina la mtumaji. Ukiubonyeza hufunguka jedwali dogo, na ikiwa barua ina anwani ya kujibiwa iliyo tofauti, utaikuta imetajwa humo. Anayetaka kichwa kizima atumie alama ya vitone vitatu na kuchagua `Show original`.

Kile ambacho ukaguzi huu hauwezi kuonyesha

Anwani mbili zinapofanana, msomaji asihitimishe kwamba barua ni salama. Tapeli aliye ndani ya kikasha cha duka anaweza kuamua kubaki humo usiku na siku za mapumziko, akajibu mwenyewe na kufuta nyayo zake. Hapo jibu lako litakwenda katika anwani sahihi kabisa, na bado atakayelisoma ni yeye. Mwingine huandika moja kwa moja kutoka anwani inayofanana na ya duka, bila kuhitaji `Reply-To`.

Kwa sababu hiyo tunasisitiza kwamba mabadiliko ya akaunti ya malipo hayathibitishwi kwa kujibu barua iliyoyaleta. Kosa la mama wa Morogoro halikuwa kukosa kuuliza. Aliuliza, na swali lenyewe lilikuwa zuri, ila aliliuliza kwa njia ambayo tapeli ndiye aliyeichagua. Namba ya simu iliyo katika risiti ya malipo ya kwanza, au ile aliyopewa alipokwenda dukani, ingemfikisha kwa mhasibu ndani ya dakika mbili. Namba ya simu iliyo chini ya barua yenye mashaka isitumike, kwani aliyeandika barua ndiye aliyeandika na namba.

Ikiwa anwani yako mwenyewe ndiyo yenye tatizo

Wapo wanaokutana na jambo hili kwa upande wa pili: wanaandika barua, hakuna anayewajibu, na baadaye wanaambiwa kwamba majibu yalitumwa. Programu nyingi za barua pepe humruhusu mtumiaji kuweka anwani ya kujibiwa ambayo itaingizwa katika kila barua anayotuma. Mtu aliyeweka anwani ya kazini miaka kadhaa iliyopita, kisha akaacha kazi, ataendelea kupeleka majibu yake binafsi kwa mwajiri wa zamani mpaka atakapoufuta mpangilio huo. Katika Gmail ya kompyuta mpangilio huu umo ndani ya `Settings`, katika sehemu ya akaunti, pale panapohusu kutuma barua kwa jina lako.

Hapo hapo ndipo pa kuangalia baada ya kikasha chako kuingiliwa na kurudishwa mikononi mwako. Kubadilisha nywila humtoa mwizi, lakini hakuondoi anwani ya kujibiwa aliyoiacha, wala maelekezo ya kusogeza barua zako kwenda kwake. Tunajua wengi huishia kwenye nywila. Fungua mipangilio yote miwili, uisafishe, kisha ujitumie barua kutoka anwani yako kwenda kwa ndugu au rafiki, umwombe abonyeze kujibu na akusomee kwa sauti anwani anayoiona.

Fedha zikishatumwa

Piga simu kwanza kwa benki yako, au kwa kampuni ya simu ikiwa ulilipa kwa njia ya simu, na uombe malipo yazuiwe. Kinachoamua hapa ni muda: fedha ambazo bado hazijatolewa katika akaunti ya tapeli zinaweza kuzuiliwa, zilizokwisha kutolewa ni vigumu kurudi. Kisha toa taarifa polisi. Kwa Tanzania makosa ya namna hii yamo katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mjulishe na mwenye anwani iliyotumika, kwa simu, maana huenda wateja wake wengine wamepokea barua kama yako siku hiyohiyo.

Barua yenyewe usiifute, hata kama kuiona kunakuudhi. Usidhani pia kwamba kuisogeza kwa ofisa wa polisi kwa njia ya kawaida kunatosha. Barua inaposogezwa, maneno yake husafiri lakini kichwa chake cha awali hubaki nyuma, na mstari wa `Reply-To`, ambao ndio ushahidi unaotafutwa, hauonekani tena. Katika Gmail ya kompyuta, bonyeza vitone vitatu na uchague `Download message`. Utapata faili linaloishia na `.eml`, lenye barua na kichwa chake chote, ambalo unaweza kulihifadhi katika flashi na kulipeleka kituoni pamoja na risiti ya malipo.